Si "kilowati kwa saa"

Shangazi alinitumia picha ya bili yake ya umeme na swali moja: "Mwanangu, mbona nimetumia kilowati 186 kwa saa, nyumba yenyewe ina taa sita tu?" Nimelisikia swali hilo kwa watu wengi mno, na kila mara kosa linaanzia kwenye neno hilo hilo.

Kwa ufupi: wati hupima kasi ya kutumia umeme, na kilowati ni wati 1000. Uniti moja kwenye bili ni kilowati-saa, yaani umeme unaotumiwa na chombo cha kilowati moja kikiwaka kwa saa nzima.

Sasa hilo neno "kwa". Tukisema gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, tunagawanya umbali kwa muda. Watu wanahamishia mtindo huo kwenye umeme na kusema "kilowati kwa saa", lakini hapa hakuna kugawanya, kuna kuzidisha. Muda umeshakaa ndani ya wati yenyewe, maana wati moja ni juli moja ya nishati kwa kila sekunde. Jina limetokana na James Watt, fundi wa Uskoti aliyeboresha injini za mvuke na kuzilinganisha na nguvu ya farasi. Farasi hapimwi kwa jumla ya mzigo aliovuta maishani, anapimwa kwa anavyouvuta upesi. Wati ni hivyo hivyo. Ili upate jumla ya kazi, lazima uizidishe kwa saa ilizofanyika.

Ukilielewa hilo, picha ya shangazi inasomeka. Usomaji wa awali ni 04512, wa sasa 04698. Toa, unapata uniti 186. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 31, kwa hiyo ni uniti 6 kwa siku. Huo mgawanyo ni halali, kwa sababu ni uniti zinazogawanywa kwa siku. Mistari inayofuata ni uniti hizo mara bei ya uniti moja, kisha tozo isiyobadilika inayolipwa hata usipowasha kitu, kisha kodi. Ndiyo maana ukipunguza matumizi kwa nusu, bili haishuki kwa nusu. Na kabla ya kulalamika, tazama kama pembeni ya usomaji pameandikwa kwamba ni makadirio. Kama ni makadirio, nenda kwenye mita: ikionyesha namba ndogo kuliko ile ya bili, umekadiriwa zaidi ya ulichotumia.

Ya shangazi ilisomwa kweli. Basi tukatafuta hizo uniti 6. Taa zake sita ni za wati 9 kila moja, jumla wati 54. Zikiwaka saa tano ni wati-saa 270, kama robo ya uniti. Kuzima taa mapema kusingemsaidia sana. Kwenye kibandiko cha hita ya maji ya kuoga, yenye tangi, kumeandikwa wati 3000. Hiyo ikichemsha kwa saa moja tu, uniti 3 zimekwenda.

Naye swichi ya hita haizimi. Anasema maji yakishapata moto hita inajizima yenyewe, na ni kweli, ila tangi linapoteza joto mchana kutwa na hita inarudi kuwaka kidogo kidogo. Nikamwomba azime kila kitu kingine usiku mmoja, hata friji, asifungue maji ya moto, kisha asome mita. Saa nne usiku ilikuwa 4703.2, saa kumi alfajiri 4703.8. Sehemu sita za kumi za uniti kwa saa sita, bila mtu kuoga! Kwa siku nzima hiyo ni kama uniti 2.4 za kupasha moto tangi lililosimama.

Sasa anaiwasha kabla ya kuoga na kuizima baadaye. Hataokoa zote 2.4, kwa kuwa tangi lililopoa linahitaji kupashwa upya, lakini tangi lililopoa linapoteza joto polepole kuliko lililo moto, na hapo ndipo anapopata faida. Kuishusha joto ya hita nako kunasaidia, ila nilimwambia asiishushe chini ya nyuzi 60, maana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama bakteria huweza kuzaliana.

Juzi kanitumia picha nyingine, ya mita, na maneno haya: "Leo nimetumia kilowati nne kwa saa." Hesabu yake iko sawa kabisa, shangazi. Ni kilowati-saa nne, au sema tu uniti nne.