Khanga au satini usiku?

"Si nifunge kitambaa chochote tu, hata khanga, mradi nywele zimefunikwa?"

Khanga ni pamba. Nyuzi zake hunasa nywele za kipilipili kila kichwa kinapogeuka kwenye mto, tena hunyonya mafuta uliyopaka. Nywele zikikauka hujifunga mafundo, na asubuhi chanuo huyakata badala ya kuyafungua. Satini huteleza, ila upande unaong'aa ndio uguse nywele. Wa nyuma mara nyingi hukwaruza.

Kabla ya kufunika, gawa nywele mafungu manne hadi sita, usuke mabutu malegevu mpaka nchani. Ngozi ikivutika au vipele vikitokea, umekaza mno na mizizi inaumia. Subiri nywele zikauke kwanza, kwani zikiwa mbichi hunyumbuka na kukatika upesi. Lastiki ya kofia ikiacha alama kwenye paji, ilegeze: nywele za pembeni ndizo hukatika kwanza.