Barua kwa mkandarasi: nondo haina robo tatu

Njiro, Arusha

Kwako mkandarasi,

YAH: VIPENYO VYA NONDO VIANDIKWE KWA MILIMITA

Kaka, salaam. Jana tulikwaruzana mbele ya mafundi na sikupenda iwe vile. Lakini maneno uliyoniambia, kwamba "robo tatu ni robo tatu, dukani wanajua", nimeshayasikia kwenye saiti nyingi mno, na sasa nayajibu kwa maandishi ili yabaki kwenye faili la kazi.

Mchoro wa nguzo za chini unasema 4Y20. Hiyo 4 ni idadi, Y ni nondo ngumu yenye mikunjo, 20 ni kipenyo kwa milimita. Wewe ulipiga simu dukani ukaagiza "robo tatu", yaani ya inchi. Kenta ikashusha mzigo, risiti ikaandikwa "nondo 3/4", fundi nondo akafunga nguzo sita. Nilipofika nikashika nondo moja nikaona mkono hauzibi kama ninavyoizoea ya 20. Kijana akakata kipande cha mita moja kamili, tukakipeleka kwenye mizani ya duka la mangi hapo barabarani. Kilisoma kilo 1.56. Mita moja ya 20 inatakiwa iwe na kilo 2.47. Ya 16 ni kilo 1.58. Kwa hiyo umeuziwa nondo nzuri kabisa, ila ni ya 16.

Muuzaji hakukuibia. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na nondo ya kipenyo hicho haipo kwenye maduka yetu. Zilizopo ni 8, 10, 12, 16, 20, 25 na 32. Ukitaja inchi, mtu wa kaunta ndiye anayeamua akupe ipi iliyo karibu, na huyo hajawahi kuona mchoro wetu. Mmoja atakupa 20, mwingine 16, na wote wataandika 3/4 kwenye risiti.

Ukaniambia fundi alipima kwa tepu akakuta "karibu robo tatu". Namwamini. Nondo ya 16 ukiipima juu ya mikunjo yake inafika milimita 17 au 18, na kwenye upande wa inchi wa tepu jicho linaiona hiyo kama robo tatu. Kipenyo kinachoandikwa kwenye mchoro si cha juu ya mikunjo. Ni cha nondo laini ambayo ingekuwa na uzito uleule. Ndiyo maana mimi napima kwa mizani: chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja. Kwa 12 ni 144 gawa kwa 162, yaani gramu 889. Ikipungua chini ya gramu 848 hivi, irudishe, maana imevuka upungufu unaovumilika wa asilimia 4.5.

Sasa lile lililonichosha kuliko yote: "Injinia, tofauti ni milimita nne tu."

Kaka, nguzo haibebwi na kipenyo. Inabebwa na zege pamoja na eneo la chuma, na eneo linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo. Ishirini mara ishirini ni 400. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Umepunguza moja ya tano ya unene lakini umeondoa zaidi ya theluthi moja ya chuma. Kwa hesabu kamili, nondo nne za 20 zina milimita za mraba 1,257, na nne za 16 zina 804. Nguzo iliyopigiwa hesabu ya 1,257 imepewa asilimia 64 tu, na juu yake kuna slabu na ghorofa zima.

Ukasema basi tuongeze nondo moja kila nguzo. Tano za 16 zinatoa 1,005, bado hazitoshi. Sita zinatoa 1,206, bado. Saba zinavuka, lakini nguzo ya mraba haipangiki vizuri kwa saba, kwa hiyo tunafika nane: moja kila kona na moja katikati ya kila upande. Nane za 16 zina uzito wa kilo 12.6 kwa kila mita ya nguzo, wakati nne za 20 zina kilo 9.9. Yaani ili kuokoa ile safari ya kwenda dukani, utaongeza chuma kwa zaidi ya robo ya kile cha mwanzo. Na pale zinapoungana na nondo za msingi zitabanana kwenye kisanduku cha milimita 300 kwa 300, halafu uniambie zege litapita wapi.

Kuna jingine ambalo mafundi hawalioni kabisa. Ringi zimechorwa kila milimita 225. Kanuni tunayofuata inataka nafasi ya ringi isizidi mara 12 ya kipenyo cha nondo ndogo ya nguzo. Kwa 20 hiyo ni 240, tuko salama. Kwa 16 ni 192, kwa hiyo hata ringi zilizokwisha kufungwa zingekuwa mbali mno, na nondo nyembamba ikibanwa na mzigo inachomoka ubavuni kama fito. Ukibadilisha nondo moja, umebadilisha na ringi, na maungio, na hesabu yangu yote.

Nikigusa maungio: "Futi mbili inatosha kwa nondo yoyote." Hapana. Mchoro unasema mara 40 ya kipenyo. Kwa 12 ni milimita 480, kwa 16 ni 640, kwa 20 ni 800. Futi mbili ni 610, inatosha ile ya 12 peke yake. Mwambie fundi akate fito yenye alama tatu aiweke mfukoni, aache kupima kwa hatua.

"Mbona bomba tunanunua kwa inchi?" Bomba endelea nalo, na mbao, na tofali la inchi sita. Ila ujue hata bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje lina milimita 21. Kwenye bomba inchi ni jina tu.

"Michoro ya wafadhili Wamarekani ina namba, si milimita." Kweli, na namba hiyo inahesabu sehemu za nane za inchi. #5 ni tano ya nane, karibu sawa na 16 yetu. #4 ni 12.7, na ukiweka 12 badala yake unapungukiwa chuma kama asilimia 11. Mchoro wa aina hiyo niletee kwanza kabla ya kuagiza.

Nguzo zile sita zifunguliwe. Nondo za 16 zisirudishwe dukani, bimu za ghorofa ya kwanza zimechorwa kwa Y16 na zitaingia huko. Oda mpya iandikwe "nondo Y20, mita 12, kila moja si chini ya kilo 28.3", na muuzaji asaini hapohapo. Mizani nitakuja nayo mwenyewe. Mixa isiwashwe kwa nguzo hizo hadi nipime vipande vitatu kutoka kwenye mzigo huo mpya.

Wako,
Injinia wa saiti