Ngoma na kayamba: mgonjwa anapoutania ugonjwa wake

"Kwa nini mtu akiutania ugonjwa wake mwenyewe tunacheka naye, lakini mwingine akisema neno lilelile linakuwa tusi?"

Tulichukue neno moja tu: ngoma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wa huko wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinapendwa wakati ule. Baadaye mitaani zikaja lugha nyingine. Fulani "ana ngoma". Fulani "amekanyaga miwaya". Herufi za AIDS nazo zikafumbuliwa: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Maneno haya kwa kawaida yalisemwa pembeni, mwenyewe akishapita. Aliyesema "amekanyaga miwaya" alikuwa pia anajiambia kwamba yeye anaangalia anapokanyaga. Kicheko chake kilikuwa ukuta: mgonjwa kule, sisi huku.

Shangazi yangu anaishi na virusi, na ameniruhusu kusimulia haya bila kumtaja jina. Dawa anazotumia hutolewa bure, mpango ulioanza nchini mwaka 2004, na siku hizi anameza kidonge kimoja kwa siku. Kinachomsumbua ni kopo. Ni la plastiki, vidonge ndani ni vigumu, na daladala ikipanda tuta mkoba unalia cha-cha-cha. Anayelijua kopo hilo akisikia mlio anageuka. Ndiyo maana wengi hushindilia pamba ndani, au hulifunga kwa leso kabla ya kutoka kliniki.

Siku niliyomsindikiza tulikaa benchi la mbele ya dirisha la dawa, watu kama kumi, kila mmoja anatazama miguu yake. Akapokea kopo lake, akalitikisa taratibu, akasema, "Mtaani walisema nina ngoma. Leo Serikali imeniongezea kayamba. Bado zumari tu, harusi iende."

Benchi zima lilicheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Neno ni lile la mtaani, lakini limebadilika mambo mawili. Kwanza, anayechekwa si mgonjwa tena. Ni mlio wa kopo, na ni wale waliokuwa wananong'ona. Pili, na hili ndilo naliona zito zaidi, utani wenyewe umebeba jambo ambalo asiyemeza dawa hizo kwa kawaida halijui. Mtu wa nje anajua neno ngoma, ila hajawahi kukaa kwenye daladala akiukumbatia mkoba ili usilie. Shangazi aliposema kayamba, kila aliyekuwa pale aliona siri yake imetajwa hadharani na hakuna aliyeaibika. Ukuta ule ulikosa watu wa kuwaweka upande wa pili.

Utani wa makabila kwetu unafanana na huu kwa sehemu. Mngoni na Mhehe wanaweza kutaniana hata msibani, kwa sababu yule anayekutania leo kesho utamtania wewe, na kwenye shida mnasaidiana. Mpita njia anayesema "ana ngoma" hana deni lolote kwa anayemsema.

Hata hivyo si kila anayejitania yuko salama. Mwanasaikolojia wa Kanada, Rod Martin, na wenzake walitoa mwaka 2003 dodoso linalogawa ucheshi katika aina 4. Walitenganisha ucheshi unaomsaidia mtu kubeba shida yake na ule wa kujidhalilisha ili wengine wafurahi. Huu wa pili waliukuta unaambatana na sonona, wasiwasi na kujiona si kitu. Kwa sikio la kawaida tofauti inasikika ukitega: mtu anakitania nini? Akitania foleni, kopo, ladha ya dawa, bado amesimama upande wake mwenyewe. Akianza "mimi ni maiti ninayetembea, msinihesabu", kisha ukamwona anaruka tarehe za kliniki, usicheke. Muulize hali yake bila mzaha, na kama kila swali analijibu kwa kichekesho, kaa naye uendelee kuuliza.

Mpaka mwingine ni kwamba ruhusa aliyonayo mtu juu ya maradhi yake haivuki kwenda kwa jirani, hata kama wanaumwa kitu kimoja. Mwisho wa benchi letu alikaa binti mgeni, kopo lake amelificha ndani ya kanga. Yeye hakucheka. Shangazi alimwona, na utani hakuurudia. Alisogea karibu naye, akafungua mkoba, akatoa pamba, akamgawia nusu na kumwonyesha namna ya kuishindilia.