Usitoe jibu kabla ya mji: namna ya kutega kitendawili ipasavyo

Tangu likizo ianze, dawati letu la fasihi simulizi hapa Mombasa limepokea malalamiko yanayofanana. Wazazi wanasema watoto wakitegeana vitendawili hugombana, mmoja akalia kwamba ameibiwa mji. Washereheshaji nao wanauliza kama ni kosa kufungua hadithi kwa "Kitendawili!". Ndiyo, ni kosa. Tulidhani hilo halihitaji kuelezwa, lakini tutalieleza.

Hadithi ina mlango wake. Msimulizi husema "Paukwa!", wasikilizaji wakaitika "Pakawa!", kisha akaingia "Hapo zamani za kale". Msimulizi aliyelelewa na bibi yake ataongeza: "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia." Wapo pia wanaoanza kwa "Hadithi! Hadithi!" na kuitikiwa "Hadithi njoo!". Zote ni sawa. Baada ya hapo hadhira inatulia kusikiliza.

Kitendawili hakitaki utulivu huo, kinataka ushindani. "Kitendawili!" ni ombi la ruhusa, na "Tega!" ndiyo ruhusa yenyewe. Asipoitikiwa, mtegaji hana haki ya kuendelea, na anayeitika amekubali masharti yote, pamoja na kutozwa mji akishindwa. Ukifungua hadithi kwa mwito huu, wasikilizaji wanajiandaa kujibu, na wewe huna swali. Hapo ndipo watoto wanapoanza kukukatiza, nawe unawaona hawana adabu.

Sasa utaratibu wenyewe, ambao ndio wenye ugomvi. Tuseme watoto wako barazani, Mji wa Kale, baada ya chakula cha usiku.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mibani."

Hapa mtegaji anyamaze. Wenzake wabahatishe: mmoja atasema waridi, mwingine nungunungu. Kwa kila jibu yeye aseme "Sivyo" tu. Akianza kusaidia, "ni kitu cha kula" au "kinauzwa Marikiti", ameshakitegua mwenyewe nusu. Idadi ya majaribio haikuwekwa popote; inategemea subira ya waliokaa. Akipatia mmoja, hakuna mji, na kwa kawaida huyo ndiye anayetega kinachofuata.

Wakikiri kushindwa, mtegaji anadai: "Nipeni mji." Watu wengi wanalikosea jambo hili, na tumechoka kulirudia: mji hautolewi na mtegaji, hutolewa na walioshindwa. Ni fidia. Na mtegaji ana haki ya kuukataa. Wakisema "Tunakupa Mombasa", anaweza kujibu, "Mombasa nipo, nipeni mwingine." Wakimpa kijiji asichokitaka, vivyo hivyo. Huendelea kukataa mpaka apewe mji unaomridhisha. Tuseme wamempa Lamu, naye amekubali.

Akishakubali, mji ni wake. Mtu akikumbuka jibu wakati huo, amechelewa, wala mji haurudi. Ugomvi mwingi tunaoletewa unatokea hapa: mtoto anapiga kelele "Nanasi!" baada ya Lamu kukubaliwa, kisha anadai hakushindwa. Ameshindwa. Njia rahisi ya kuuzuia ni kuuliza kabla ya kupokea mji, "Mmeshindwa nyote?", na kusubiri kila mmoja ajibu.

Kisha mtegaji anausafiri mji wake kabla ya kutoa jibu: "Nilikwenda Lamu, wenyeji wakanipokea, nikanywa kahawa, nikala halua mpaka nikalala. Nyinyi mmebaki hapa hamjui kuku anayetagia mibani. Ni nanasi." Safari hii ndiyo raha ya ushindi, na haina maneno maalumu, kila mtu hula anachokipenda. Isiwe ndefu mno, jibu likasahaulika. Isitumike pia kumtukana mwenzako kwa jina. Kejeli ni kwa walioshindwa wote.

Mtegaji akitoa jibu bila kudai mji, hakuna faini, ila amejinyima haki yake na hawezi kuidai baadaye. Hili wanalifanya sana watangazaji wa redio, wanaouliza na kujijibu ndani ya sekunde kumi. Hiyo ni chemshabongo, waiite hivyo.

Limebaki swali la jibu la pili. "Waridi" halikubaliki kwa kuku wa mibani, kwa sababu ua hilo huota kwenye shina lenye miba lakini halitagwi. Nanasi hukaa katikati ya majani yenye miba kama yai kwenye kiota. Lakini mtoto akileta jibu linaloingia kila neno la fumbo, mwacheni mtegaji aamue mbele ya wenzake, kabla ya neno "mji" kutajwa.