Krashi wako ni Nge: kipimo cha nyota kinahesabu nini hasa

Msichana wa miaka 15, tumwite Neema, amezaliwa tarehe 10 Agosti. Kijana anayempenda kimoyomoyo, Baraka, amezaliwa tarehe 5 Novemba. Neema anafungua kipimo cha nyota kwenye simu, anaandika tarehe zote mbili, gurudumu linazunguka kidogo, kisha jibu linatokea: asilimia 38, moto na maji haviendani. Rafiki zake wanacheka, naye anacheka. Usiku anarudi kulisoma tena peke yake.

Hiyo 38 imetoka wapi?

Kipimo cha aina hii hakina mambo mengi ndani yake. Kwanza kinageuza tarehe kuwa nyota: 10 Agosti inaangukia Simba, 5 Novemba inaangukia Nge. Kisha kinaangalia asili ya kila nyota. Punda, Simba na Mshale ni za moto. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni za udongo. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za upepo. Kaa, Nge na Samaki ni za maji. Kwa kanuni ya wanajimu, moto hupatana na moto na upepo, maji hupatana na maji na udongo, ila moto na maji ni ugomvi. Mtunzi wa kipimo amechora jedwali la nyota 12 kwa 12, yaani visanduku 144, na kila kisanduku amekiandikia asilimia na maneno mawili matatu. Simu inachofanya ni kwenda kwenye kisanduku cha Simba na Nge na kusoma kilichomo. Gurudumu linalozunguka ni pambo tu, maana jibu lilishaandikwa kabla Neema hajamwona Baraka.

Vingine hata jedwali havina, vinatoa namba ya kubahatisha. Ni rahisi kuvibaini. Jaza tarehe zilezile mara tatu: namba ikibadilika, unachezewa bahati nasibu. Isipobadilika, weka jina la mtu mwingine kabisa ila uache tarehe ya Baraka. Jibu likibaki 38, basi kipimo hakikuwa kikimzungumzia Baraka. Kilikuwa kikizungumzia tarehe 5 Novemba. Mwisho jaribu tarehe hizohizo kwenye kipimo cha mtunzi mwingine. Vipimajoto viwili vizuri vikiwekwa kwapani kwa mtu mmoja hutoa jibu linalokaribiana. Vipimo vya nyota mara nyingi havikaribiani, na hapo hakuna njia ya kujua kipi kimekosea.

Pwani kuna njia nyingine ya zamani inayoanzia kwenye majina. Herufi za jina la mtu na la mama yake hupewa thamani kwa hesabu ya abjadi, jumla hugawanywa kwa 12, na salio ndilo nyota. Si lazima njia hiyo ikubaliane na ya tarehe. Mtu mmoja anaweza kuwa Simba kwa kuzaliwa na kuwa nyota nyingine kabisa kwa jina.

Halafu fikiria ukubwa wa kundi. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ukiwagawa kwa nyota 12, kila nyota inapata watu zaidi ya milioni tano. Kuna Nge wapole, Nge wakorofi, Nge wachungaji, Nge waliofungwa, na Nge ambao bado wananyonya. Kipimo kimewapa wote 38 mbele ya Neema.

Huenda utasema: sawa, jedwali ni la jumla, lakini pengine lina ukweli kidogo. Hilo ni swali halali na limeshapimwa. Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alitumia sensa ya 2001 ya Uingereza na Wales, akaangalia tarehe za kuzaliwa za jozi za wanandoa takriban milioni kumi. Hesabu yake unaweza kuifuata mwenyewe. Gawa jozi milioni kumi kwa visanduku 144, unapata karibu jozi 69,000 katika kila kisanduku, ikiwa nyota hazina kazi yoyote. (Watoto hawazaliwi kwa idadi sawa kila mwezi, kwa hiyo makadirio halisi hurekebishwa kidogo.) Kama nyota zingevuta hata jozi moja tu katika kila elfu, zingekuwa jozi 10,000 zilizojazana kwenye visanduku "vinavyoendana", na rundo la namna hiyo lingeonekana wazi.

Halikuonekana. Visanduku vya ugomvi vilijaa kama vya mapatano.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichotaka kudanganya. Wanandoa wenye nyota moja walikuwa wengi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwanajimu angeshangilia hapo, lakini Voas alichungulia fomu zenyewe. Fomu ya sensa hujazwa na mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima, na wapo waliomwandikia mwenza wao tarehe au mwezi wao wenyewe kwa makosa. Makosa hayo yalipozingatiwa, ziada ile ikaisha.

Sensa, ni kweli, haikuuliza nani ana furaha. Lakini waliokwisha kuachana hawahesabiwi tena kama wanandoa. Kama Simba na Nge wangekuwa wakivunja nyumba zao kuliko wengine, kisanduku chao kingepungua mwaka hadi mwaka, na pengo lingeonekana.

Hoja moja inayopendwa sana mitandaoni tunaiweka pembeni: kwamba mhimili wa dunia umeyumba, kwa hiyo nyota yako siyo unayoidhani. Kuyumba huko kupo kweli, ila wanajimu wengi wanahesabu kwa majira ya mwaka na si kwa makundi ya nyota yanayoonekana angani, kwa hiyo hoja hiyo haiwagusi sana. Sensa inawagusa zaidi.

Sasa, kama hakuna kitu, kwa nini Neema akisoma maelezo ya Simba anaona yamempata sawasawa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 dodoso la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo "yake". Aliwaomba wapime usahihi, kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawaambia wote walisoma maneno yaleyale, ambayo mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu kilichouzwa kibandani. Yalikuwa maneno ya namna hii: unapenda kukubalika na watu, unajilaumu kuliko inavyostahili, mara nyingine mchangamfu na mara nyingine mkimya. Nani hajawahi kuwa mchangamfu na kisha mkimya?

Jambo hili mnaweza kulijaribu darasani, na kulisoma tu hakufanani na kuliona. Chukua maelezo ya nyota zote 12 kutoka chanzo kimoja. Futa majina ya nyota na maneno yanayoisaliti, kama "mfalme wa msitu", "kuuma", "mapacha" au "mawimbi". Yape namba 1 hadi 12 kwa mpangilio uliochanganywa. Kila mwanafunzi achague kimyakimya maelezo yanayomfaa zaidi, aandike namba, kisha ndipo karatasi ya majibu ifunguliwe. Kwa darasa la watu 36, kubahatisha peke yake kunatoa wastani wa watu watatu waliopatia. Wakipatia wanne au watano, bado ni bahati ya kawaida. Wakifika wanane au zaidi, hapo ni vigumu kuisingizia bahati, maana jambo hilo hutokea chini ya mara moja hivi katika majaribio mia.

Tahadhari moja: jaribio huharibika kwa wale wanaoijua vizuri nyota yao. Msichana aliyekua akiambiwa "nyie Simba mnapenda kuongoza" atalichagua fungu la uongozi kwa sababu amelizoea, na pengine ameshaanza kujiona hivyo. Andikeni pembeni nani anazijua sifa za nyota yake na nani hazijui, kisha mhesabu makundi hayo mbalimbali. Watu wanane wakitokea wote upande wa wanaojua, mmepima kumbukumbu zao, hamjapima nyota.

Mazoea hayohayo ndiyo yanayomsumbua Neema baada ya ile 38. Kesho yake Baraka anachelewa saa nne kujibu ujumbe. Jana angesema bando limeisha, leo anasema, "ndiyo yale ya moto na maji." Siku tano alizojibu haraka hazikuandikwa popote. Ukitaka kujua kama kipimo kinaona kitu, hesabu na siku ambazo kilikosea.

Mzaha unageuka hatari pale nyota inapotumika kama udhuru. "Ananidai nywila ya simu yangu, lakini Nge wote wana wivu." Kudai nywila ni kitendo cha mtu huyu, leo, na anaweza kukiacha akiambiwa. Ukikitundika kwenye nyota, unakuwa umekikubali bila kukijadili. Kinyume chake kipo pia: asilimia 97 humfanya mtu avumilie kijana anayemdhalilisha mbele ya wenzake, eti kwa kuwa "tumeandikiwa".

Je, kuna kipimo kingine kinachoweza? Watafiti Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel walijaribu, na matokeo yao ya 2017 ni ya kufurahisha. Waliwajazisha vijana wa chuo maswali ya zaidi ya sifa mia moja, kuhusu tabia zao na wanachotaka kwa mpenzi, kisha wakawakutanisha kwa dakika chache chache. Kompyuta iliweza kukisia kwa kiasi nani huvutia watu wengi na nani huvutiwa upesi. Haikuweza kukisia nani atavutiwa na nani hasa. Ikiwa sifa mia moja za mtu hazikutosha, tarehe moja ya kuzaliwa haitatosha.

Mwaka 2020 Joel na Eastwick pamoja na wenzao wengi walikusanya takwimu za wapenzi zaidi ya jozi 11,000. Kilichoeleza vizuri zaidi kuridhika kwao kilikuwa mambo yanayoendelea kati yao: kama mtu anaona mwenzake amejitoa kweli, kama anajisikia kuthaminiwa, na wanagombanaje. Hata hivyo mambo hayo yote yalieleza chini ya nusu ya tofauti kati ya waridhikao na wasioridhika.

Kwa umri wa Neema, ambapo hakuna haraka ya kumchagua mtu yeyote, mambo hayo yanaonekana hata darasani na uwanjani, bila simu. Baraka anapoambiwa "hapana" juu ya jambo dogo, kama kuazima daftari, anafanya nini? Akikosea, anaomba radhi au anatafuta wa kumsukumia? Siri aliyoambiwa na rafiki yake imefika wapi? Anamsemaje msichana aliyemkataa? Tazama kwa wiki kadhaa, na si siku moja aliyovaa vizuri.

Na kipimo cha nyota? Kicheze na wenzako, mkiwa mmejaza tarehe za uongo. Tarehe halisi ya kuzaliwa, jina kamili na namba ya simu ni vitu ambavyo mwenye tovuti anaweza kuvikusanya, na watu wengi wanaitumia tarehe hiyohiyo kama namba yao ya siri. Kikidai namba ya simu ili "kukutumia majibu", funga ukurasa. Baadhi ya huduma za namna hiyo hukata salio kila siku kwa ujumbe ambao hukuuomba. Muweke Baraka na mbuzi wa jirani, mkadirie tarehe aliyozaliwa huyo mbuzi, muone watapewa asilimia ngapi.