Jedwali la kurasa nyingi: tatizo ni seli inayoonekana tupu

Wateja wanaonitumia picha za majedwali niyaingize kwenye Excel huja na maagizo yaleyale. Moja nimelichoka.

Dhana: Jina la kundi liandike pale lilipo, kisha lishushe hadi jina linalofuata.

Ukweli: Seli iliyounganishwa ni kisanduku kimoja kinachobeba mistari mingi, na jina mara nyingi hukaa katikati yake, si juu. Chukua jedwali la vifaa. Kundi la Mabomba linaishia mstari wa 17. Kundi la Umeme lina mistari 7: wa 18 hadi 20 chini ya ukurasa wa kwanza, wa 21 hadi 24 juu ya ukurasa wa pili. Katikati ya hiyo 7 ni mstari wa 21, kwa hiyo jina Umeme linaonekana ukurasa wa pili tu. Ukishusha majina, mstari wa 18, 19 na 20 itaitwa Mabomba. Na jumla kuu itakuwa sahihi kabisa, maana hakuna tarakimu iliyopotea. Swichi na nyaya zimehamia kwa mafundi bomba tu. Utagundua pale utakapolinganisha jumla ndogo ya kila kundi, kama ipo.

Fuata laini zilizochorwa, si mahali jina lilipo. Kisanduku kinaanza pale laini inapokata safuwima ya kundi. Laini ya mwisho wa ukurasa usiiamini, kwani huchorwa hata kundi likiwa linaendelea. Kisanduku kisicho na jina chini ya ukurasa, tafuta jina lake ukurasa unaofuata. Kikiwa juu ya ukurasa, rudi uliotangulia. Picha ikiwa imekata ukingo, omba nyingine, usibahatishe.

Jina likishahamishiwa mstari wa kwanza wa kisanduku chake, ndipo ushushe. Majina yakiwa safuwima A na safuwima D ikiwa tupu, weka hii kwenye D2, iburute chini, kisha ubandike matokeo kama thamani:

```
=IF(A2="",D1,A2)
```

Dhana: Vichwa vinavyojirudia vifute tu.

Vifute, ila baada ya kuvisoma. Safuwima zikibadilishana nafasi ukurasa wa tatu, kichwa ndicho pekee kitakachokuambia. Kichwa cha ngazi mbili, mfano 2022 juu ya Wanaume na Wanawake, kigeuze kuwa ngazi moja: 2022 Wanaume, 2022 Wanawake. Mistari ya "jumla ya ukurasa" na "imeletwa mbele" nayo iondoke, la sivyo utahesabu mara mbili.

Dhana: Picha mbili zikionyesha mistari ileile, kitufe cha kuondoa nakala kitamaliza kazi.

Kitamaliza na mistari halali inayofanana. Ongeza safuwima mbili, namba ya ukurasa na namba ya mstari kwenye ukurasa huo, kabla hujaingiza chochote. Mstari ulioonekana kwenye picha mbili utakuwa na namba zilezile, na huo ndio wa kufuta.