Waraka wa kupandisha ada: mzazi anapiga hesabu kabla hajamaliza kusoma

Mi ni mhasibu wa shule, nyaraka za ada zimepita mkononi mwangu nyingi tu, na mstari unaonikera kuliko yote ni ule wa "kutokana na kupanda kwa gharama za maisha". Jamani, hata mzazi maisha yamempandia, hapo hujamwambia kitu. Anachotaka kujua ni nini hasa kimepanda na kimebeba kiasi gani cha nyongeza.

Fanya hivi, ada ya sasa ichukulie ni 100. Tuseme 60 inaenda kwenye mishahara, 20 chakula, na 20 iliyobaki ni umeme, maji, ukarabati na vikorokoro vingine. Mishahara imepanda asilimia 8, kwenye ile 60 hiyo ni 4.8. Chakula kimepanda asilimia 15, kwenye 20 ni 3. Vingine havijasogea. Jumla 7.8, yaani ada mpya inakuja kama 108. Sasa ukimletea mzazi 115 kwa sababu hizo hizo mbili, atatoa simu apige hesabu halafu akuulize ile 7 nyingine ya nini, na mara nyingi ni darasa linajengwa au ni madeni ya wasiolipa yamesukumiwa wanaolipa. Kama ni darasa andika ni darasa, na useme mchango wake unakoma lini, maana jengo likiisha ile hela huwa inabaki humo humo kwenye ada (tunajuana).

Halafu weka ada ya zamani, ada mpya na tofauti yake kwenye mstari mmoja. Usafiri na sare kama navyo vimepanda vitaje hapo hapo, mzazi asikutane navyo kwenye ankara.

Kwenye malipo ndo watu wanaharibu. "Mnaweza kulipa kwa awamu" peke yake ni mwaliko wa ugomvi. Hiyo 108 mi naigawa 48, 36 na 24, kubwa inatangulia kwa sababu shule inanunua vitu vingi mwanzoni mwa muhula, ndogo inakaa mwisho, lakini kabla muhula haujafungwa, la sivyo deni linavuka na kukutana na awamu ya kwanza ya muhula unaofuata na hapo mzazi hachomoki tena. Tarehe naweka 5, siyo 28, wengi mshahara ndo umeingia. Asiye na mshahara, mkulima au mfanyabiashara, aruhusiwe kupendekeza tarehe zake mwenyewe, ziandikwe na kusainiwa pande zote mbili, na waraka useme mwisho wa kuomba ni lini na aonwe nani.

Na tafadhali andikeni kwamba kila anayelipa benki aweke namba ya mwanafunzi, siyo jina la aliyetuma. Hela inaingia kwenye akaunti kwa jina la mjomba, sisi hatujui ni ya mtoto gani, mtoto anarudishwa nyumbani na risiti ipo mfukoni kwa baba yake.